Nusu kwa nusu si mapatano: kwa nini wabia wa pwani hugombana msimu ukiisha

Kila mwaka Ramadhani ikikaribia, harusi za pwani hurundikana. Kuanzia Alhamisi hadi Jumapili mahema yanafungwa kila mtaa, viti vinapakiwa na kupakuliwa, na masufuria ya pilau hayapoi. Wiki hizo hakuna anayegombana, kwa sababu hakuna mwenye wakati. Ugomvi huja baadaye, mwezi unapoandama na simu zikanyamaza. Hapo wabia huketi chini kugawana kilichopatikana, na watu waliokula sahani moja tangu chuoni wakaacha kuamkiana.

Tumezoea kuyaeleza magomvi haya kwa tabia za watu. Huyu ana tamaa, yule mvivu, na mwengine kabadilika tangu aoe. Wako watu wa namna hiyo, lakini ukiziangalia hesabu za biashara nyingi ndogo zilizovunjika, mara nyingi huoni mwizi. Unaona watu watatu waliosema siku ya kwanza "tutagawana sawa", na kila mmoja akaondoka na maana yake kichwani. Neno lenyewe ndilo lenye kasoro, kwa kuwa limefunga pamoja vitu vitatu ambavyo havifanani: pesa mtu alizotia, kazi anayoifanya, na haki yake katika mali ya biashara.

Tuchukue biashara ya mfano ili tuione kwa tarakimu. Ni biashara ya kuhudumia harusi hapa Mombasa, yenye wabia watatu. Wa kwanza ana ajira yake, akatia shilingi 600,000. Wa pili akatia 300,000, naye ndiye anayepokea oda, kuchukua arubuni na kuzungumza na wenye harusi. Wa tatu hakutia hata ndururu, ila ni mpishi, na watu wanaipigia biashara simu kwa sababu ya mkono wake. Kwa zile 900,000 walinunua mahema, viti, masufuria na sahani. Hawakuandika kitu. Walisoma Fatiha, wakaanza.

Mwaka wa kwanza walipata harusi 40. Baada ya kulipa mchele, nyama, kuni, vibarua na gari la kukodi, zilibaki shilingi 720,000. Wakagawana sawa kama walivyosema, kila mtu 240,000. Kwa mwaka huo kila mmoja alishukuru.

Mwaka wa pili minong'ono ikaanza. Mwenye mtaji mkubwa alijiuliza vipi yeye aliyetoa 600,000 apate sawa na ambaye hakutoa kitu. Mpishi naye alikuwa na hesabu yake. Mpishi wa kukodi wa kiwango chake hulipwa, tuseme, 5,000 kwa harusi moja. Kwa harusi 40 hizo ni 200,000. Kwa hivyo katika zile 240,000 zake, 200,000 ni jasho la kukesha mbele ya moto, na faida aliyoipata kama mbia ni 40,000 tu, ilhali mwenzake amelala kwake akaamkia 240,000. Mpokea oda akaona yeye ndiye aliyedhulumiwa zaidi ya wote, kwani simu yake hailali na matusi ya wateja huyapokea peke yake.

Wote watatu wanasema kweli, na hapo ndipo wazee wa kusuluhisha wanapokwama. Wazee huja wakitafuta mwenye makosa, wasimwone, basi huishia kuwaambia "sameheaneni, nyinyi ni ndugu". Wabia hupeana mikono, na msimu ujao hurudi palepale kwa sababu hesabu haikuguswa.

Hebu tuifanye hesabu hiyo upya kwa kutenganisha vile vitu vitatu. Kwanza kazi ilipwe kama kazi, kwa bei ambayo mtu wa nje angelipwa. Mpishi apate 5,000 kwa kila harusi, jumla 200,000. Mpokea oda apate, tuseme, 3,000 kwa kila harusi aliyoishughulikia mwanzo hadi mwisho, jumla 120,000. Mwenye mtaji, kwa kuwa hafanyi kazi ya kila siku, hana ujira. Akija Jumamosi kusimamia wapakuzi, naye alipwe kama msimamizi yeyote. Katika 720,000 zinabaki 400,000.

Pili, vyombo vina umri. Hema linalofungwa na kufunguliwa kwa mvua na jua la pwani huchanika, viti huvunjika miguu, na sahani hazirudi kamili. Tukitenga 2,500 kwa kila harusi kwa ajili ya uchakavu, ni 100,000 kwa mwaka. Zinabaki 300,000, nazo ndizo faida halisi. Zikigawanywa kwa kufuata mitaji, mwenye 600,000 apata 200,000 na mwenye 300,000 apata 100,000.

Sasa jumlisha. Mwenye mtaji mkubwa ana 200,000. Mpokea oda ana 220,000, yaani 120,000 za kazi na 100,000 za mtaji. Mpishi ana 200,000 za kazi. Na biashara yenyewe ina 100,000 kwenye akaunti.

Ndugu msomaji, angalia jambo hili kwa makini. Mafungu hayo hayakutofautiana sana na yale ya mwanzo. Hakuna aliyepoteza zaidi ya 40,000, na hizo zilizopungua hazikwenda mfukoni mwa mwenzake bali zimehifadhiwa kununulia mahema. Lililobadilika ni kwamba kila mmoja anajua anacholipwa ni cha nini. Mpishi hawezi tena kusema jasho lake linamlisha mtu aliyelala, na mwenye pesa hawezi kusema mtaji wake hauonekani.

Hesabu hii pia inafichua lile ambalo mgao wa sawa kwa sawa uliwaficha. Zile 720,000 walizogawana mwaka wa kwanza hazikuwa faida yote. Ndani yake mlikuwa na 100,000 za uchakavu. Walikuwa wakiyala mahema yao wenyewe. Mtu hulitambua hilo mwaka wa tatu, hema linapopasuka katikati ya msimu na mfuko uko mtupu. Mwenye mtaji huambiwa aongeze pesa, naye hushangaa pesa zote zile zilikwenda wapi. Hapo neno "wizi" hutajwa kwa mara ya kwanza, na likishatajwa halirudishwi mdomoni.

Tuangalie msimu mbaya ukija, na harusi zikawa 20. Kwa kuwa ujira unahesabiwa kwa harusi na si kwa mwezi, mpishi na mpokea oda watalipwa nusu ya mwaka jana, na uchakavu nao utakuwa nusu. Kinachobaki kwa mwenye mtaji kitashuka, pengine sana, na hiyo ndiyo maana ya kutia mtaji. Anayetaka pesa yake irudi na nyongeza ileile kila mwaka hakuingia ubia. Huyo amekopesha, na mkopo wenye nyongeza una hukumu yake tunayoijua sote.

Mpishi hapa anaweza kuuliza: mimi basi nitabaki mfanyakazi milele, na jina la biashara limejengwa na pilau yangu? Swali hilo ni la haki, na ndilo linalovunja biashara nyingi mwaka wa nne au wa tano, mpishi anapoondoka na kufungua yake mtaa wa pili. Njia iliyo safi ni anunue sehemu. Kila mwaka aache 50,000 katika ujira wake ziingie kwenye mtaji. Baada ya miaka miwili ameongeza 100,000. Kama vyombo vimetunzwa na thamani ya biashara bado ni 900,000, sasa ni milioni moja, na yeye ana sehemu moja kati ya kumi. Tangu hapo anapata ujira wake na faida yake pia. Muhimu ni hesabu hiyo iandikwe siku anapoacha zile 50,000, si siku anapotaka kuondoka.

Wengi huuliza dini inasemaje, na ni vizuri kuuliza kwa sababu fiqhi imelizungumza jambo hili kwa undani kuliko tunavyodhani. Katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi wetu pwani hii, watu wakichanganya mali zao kufanya biashara, faida na hasara hufuata kiasi cha mali ya kila mmoja, hata kama kazi zao hazilingani. Wakishartiana kinyume, mkataba huharibika, na kila mmoja humdai mwenzake ujira wa mfano kwa kazi aliyoifanya katika mali yake. Ujira wa mfano ni malipo ambayo mtu mwengine kama yeye angelipwa sokoni. Hanafi wao wanaruhusu faida igawanywe kwa mafungu mengine yatakayokubaliwa, lakini hasara hubaki kufuata mtaji.

Asiyetia mali bali kazi tupu ana mlango mwengine, nao ni mudharaba. Mmoja hutoa mali na mwengine hufanya kazi, wakapatana mafungu ya faida tangu mwanzo. Ikitokea hasara bila ya uzembe, mwenye mali hupoteza mali na mfanyakazi hupoteza jasho lake. Huyu hana ujira maalumu kando, kwa hivyo mpishi wetu achague: ama alipwe kwa kila harusi, ama angoje fungu la faida. Kuvitaka vyote viwili bila ya kutia mali ndiko kunakoleta mzozo. Kabla ya kuandikiana, mwendeeni mwanachuoni mnayemwamini na tarakimu zenu mkononi, si na maneno ya jumla.

Sheria ya nchi nayo ina jibu lake, na wengi hulijua wakati umeshapita. Sheria ya ubia ya Kenya iliandikwa upya mwaka 2012, lakini kanuni yake kwa wasiopatana ni ileile ya zamani: wabia hugawana faida sawa, hubeba hasara sawa, na hakuna mbia anayedai mshahara kwa kazi ya ubia. Irudishe kanuni hiyo kwa watu wetu watatu. Mpishi aliyekesha mara 40 hana haki ya kudai ujira, kwa sababu hawakupatana. Na biashara ikipata hasara ya 300,000, yeye ambaye hakutia mtaji atatakiwa 100,000. Isitoshe, katika ubia wa kawaida mwenye kudai anaweza kuifuata mali ya mbia yeyote. Mpokea oda akichukua mchele kwa mkopo kwa jina la biashara, deni hilo ni la wote watatu.

Sheria hiyo hiyo inawaachia wabia nafasi ya kupatana vingine, na mapatano yao ndiyo hutangulia. Karatasi moja iliyotiwa sahihi na wote watatu, mbele ya mashahidi wawili, inatosha kuwatoa kwenye kanuni ya sawa kwa sawa. Tahadhari: kuandikisha jina la biashara kupitia eCitizen siko kuandika mapatano. Cheti kile kinaonyesha nani wamo. Hakisemi nani analipwa nini.

Karatasi hiyo isijazwe maneno ya mawakili. Iseme kila mmoja ametia nini na lini. Iseme kila kazi ina bei gani na nani anaifanya. Iseme nani ana neno la mwisho katika lipi: bei ya harusi aamue mpokea oda, chakula na vibarua aamue mpishi, na chombo cha zaidi ya kiasi fulani, labda 20,000, kisinunuliwe bila ya wote watatu. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na vibarua wanaoamrishwa na watu wawili hawamtii hata mmoja.

Iseme pia habari ya jamaa, kwa sababu hapa pwani hili pekee huvunja biashara. Mbia anaozesha binti ya mjomba, anatoa mahema bure na pilau kwa nusu bei, kisha wenzake wananung'unika chini kwa chini kwa kuona haya. Kanuni nyepesi ni hii: anayetaka kumpa jamaa yake zawadi aitoe katika fungu lake. Harusi ya 60,000 akitoza 40,000, zile 20,000 ziandikwe juu yake. Hakuna aliyemkataza kuunga udugu, ila asiuunge kwa mali ya mwenzake.

Mwisho, pesa zenyewe zinapopita. Katika biashara nyingi ndogo arubuni huingia kwenye M-Pesa ya mtu mmoja, ikachanganyika na pesa za unga na karo za watoto. Huyu si lazima awe mwizi, ila baada ya miezi mitatu hata yeye hajui zipi ni zake. Chukueni namba ya till ya biashara, na pesa zote za wateja ziingie huko, hata zile za mkononi ziwekwe siku ileile. Kila Jumatatu mpokea oda atume taarifa ya wiki kwenye kundi la WhatsApp la wabia: harusi ngapi, kimeingia nini, kimetoka nini, nani anadaiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari linalosomwa na mtu mmoja si daftari.

Zipo dalili za kuonyesha kwamba mambo yameanza kuharibika. Ya kwanza ni mbia kuacha kuuliza hesabu. Watu hudhani ni imani, kumbe mara nyingi ameshakata tamaa na anangoja sababu. Ya pili ni mtu kusema "nimezitoa, nitazirudisha" bila ya kutaja siku. Ya tatu ni viti vya biashara kuonekana kwenye harusi ambayo haimo daftarini. Ukiona moja kati ya hizo, usingoje msimu uishe. Itisha kikao wiki hiyo, na mzungumzie karatasi, si tabia.

Na mambo yakiharibika kabisa, mwende wapi? Wengi hukimbilia kwa Kadhi. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imezifunga mahakama za Kadhi kwenye mambo ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa huko. Ugomvi wa ubia haumo. Kadhi au sheikh anaweza kuwasuluhisha kama mzee mkiridhia, na Katiba yenyewe inahimiza usuluhishi, lakini hawezi kuutolea hukumu ya mahakama. Mbia akifariki ndipo fungu lake huingia katika mirathi, na warithi huja wakiuliza marehemu alikuwa na kiasi gani. Kama haikuandikwa, wajane na mayatima ndio hulipia uvivu wetu wa kuandika.

Kwa deni lililo wazi lisilozidi shilingi milioni moja ipo mahakama ya madai madogo, ambayo sheria inaitaka itoe uamuzi katika siku 60. Huko unaweza kumdai mwenzako arubuni za biashara alizozishika, ikiwa una taarifa za M-Pesa na ujumbe alioukiri. Lakini hiyo si mahali pa kufungua hesabu za miaka mitano za ubia mzima ambao haukuandikwa. Kazi hiyo huenda mahakama nyengine, huchukua muda, na gharama yake inaweza kuyameza mahema yote mnayoyagombania.

Kwa walio katika ubia sasa hivi bila ya karatasi, wakati mzuri wa kuandika ni kabla ya msimu, pesa hazijaingia na kila mtu bado anamtaka mwenzake. Kaeni na orodha ya kazi zote zinazofanywa katika harusi moja, toka simu ya kwanza hadi sahani ya mwisho kurudi ghalani. Mbele ya kila kazi andikeni jina la anayeifanya na bei ambayo mngemlipa mtu wa nje. Baadhi yenu mtashangaa mwenzenu hufanya mangapi, na wengine mtaona haya kwa ufupi wa orodha yenu. Ni afadhali haya hiyo muione leo mezani kuliko kuambiwa mbele ya watu msimu ukiisha.